Mama anakunywa chai ya mulethi ya alsa, presha imekataa kushuka. Kuna mwenye amepitia hii?

BintiNjoro
Wadau habari zenu. Mamangu ako na miaka 61, presha ametibiwa kitambo na imekuwa ikikaa vizuri tu, juu 130 au 134, chini 80 na kidogo. Anameza amlodipini na ile tembe ndogo ya kukojoza asubuhi, na haruki, mimi ndo humpangia kwa kiboksi cha wiki. Sasa tangu mvua ianze presha imepanda, ikaingia 150, ikaingia 160, juzi kliniki hapa Nakuru wakapata 172/98. Daktari akaongeza amlodipini. Haikushuka, badala yake miguu ikafura, ukimbonyeza kifundo kidole kinaacha shimo, na usiku vigimbi vinamkaza mpaka anaita mtu amkande. Anasema mikono imekosa nguvu, hata kukamua kitambaa cha kupigia deki ni shida.
Kitu kimebadilika kwa nyumba ni kimoja. Rafiki yake wa kanisa alimwambia aachane na dawa za alsa atumie mizizi fulani mitamu, ya manjano ndani, inauzwa duka la viungo kwa jina la mulethi. Anachemsha asubuhi anaweka kwa thamosi anakunywa mpaka jioni. Tumbo limetulia kweli, hilo siwezi kukataa. Inawezekana hiyo chai ndo inapandisha presha? Nesi nilimuuliza akasema chai ya mitishamba haina neno.

MzeeMagadi
Pole sana binti. Kabla ya kushika mizizi angalia sufuria ya mboga. Huku kwetu mrenda, kunde, hata maharagwe, watu wanatia magadi mpaka inachemka povu, na magadi ni sodiamu tupu. Mama akifika 60 figo haziwezi tena. Mimi babangu tulimtoa kwa magadi presha ikarudi yenyewe.

AkinyiKibuye
Mulethi naijua, hapa Kisumu Wahindi wanatafuna kwa koo. Dada hiyo mizizi iko na chumvi nyingi ndani yake ndo maana inapandisha presha. Utamu unaficha chumvi. Mwambie mama asiweke chumvi kwa chakula siku anazokunywa, zitabalansi.

MukomberoMoto
Naona mumeanza kuchafua mizizi yetu. Kakamega tunatafuna mukombero tangu babu zetu, mzizi mtamu, unanukia, unaamsha mwili, na wazee wetu wanafika 90 wakilima. Mkianza hivi kesho mtasema hata mboga za kienyeji ni sumu.

KemistiKondele
BintiNjoro, kabla ya kitu kingine, mama ashawahi kupimwa potasiamu? Uliza kwa faili lake. Presha iko juu, vigimbi vinakaza, mikono haina nguvu, na anakunywa mulethi kutwa. Hivyo vinne nikivisikia pamoja mimi simuongezei mtu dawa ya presha kabla sijaona potasiamu.
Mulethi ndiyo urukususu, ile Waingereza wanaita liquorice, na kwenye pakiti inaweza kuandikwa *Glycyrrhiza glabra*. Akinyi, chumvi haiko ndani ya mzizi, ama iko kidogo sana. Inachofanya ni kuzuia mwili kutoa chumvi ambayo mtu ameshakula. Kwenye figo kuna kipokezi kinachoamuru chumvi ibaki, na kawaida kinasikiliza homoni moja tu, aldosteroni. Lakini damuni kuna homoni nyingine, kotisoli, nyingi kuliko hiyo mara mia na zaidi, na inatoshea kwa kipokezi hicho hicho. Mwili umeweka kimeng'enya pale kama askari wa geti, kila kotisoli ikija anaizima kabla haijaingia. Kilicho ndani ya mulethi, glaisirizini, kikishasagwa na bakteria wa tumboni kinamfunga huyo askari mikono. Kotisoli zinaingia zote, figo inadhani imeamrishwa kushika chumvi, inashika, maji yanafuata chumvi, na potasiamu inatupwa kwa mkojo. Presha inapanda, potasiamu inashuka, na ukimpima aldosteroni unakuta iko chini, mpaka daktari anashangaa.
Kwa hivyo mama anaweza kupunguza chumvi mezani na isaidie kiasi, lakini akiendelea na thamosi figo itaendelea kushikilia hata ile kidogo.

MzeeMagadi
Daktari hujajibu ya magadi.

KemistiKondele
Mzee magadi iko na sodiamu, hilo ni kweli na mtu wa presha apunguze. Lakini magadi peke yake kwa kawaida haimkazi mtu vigimbi usiku wala kumuishia nguvu za mikono. Hizo dalili ni za potasiamu. Pia Binti amesema kilichobadilika kwa nyumba ni kimoja, sidhani mrenda umeanza kupikwa kwao na mvua hii.

MwalimuVihiga
MukomberoMoto tulia ndugu yangu, hakuna aliyetaja mukombero. Ni mimea miwili tofauti kabisa. Mukombero ni *Mondia whitei*, unapanda miti kule msituni, na ladha yake inafanana na vanila na tangawizi. Mulethi ni jamaa wa maharagwe na njegere, unatoka Asia na nchi za Bahari ya Kati, huku unaletwa tayari umekaushwa. Utamu ndio unawachanganya watu.

MukomberoMoto
Sawa mwalimu nimekuelewa. Lakini basi kichwa cha uzi kiseme mulethi vizuri, wateja wangu wanasoma hapa.

MwalimuVihiga
Kimesema mulethi tangu mwanzo 😄 wewe ndio uliingia na gunia lako la mukombero.

DerevaMolo
Hii maneno imenigusa. Mimi naendesha usiku Molo Nakuru Nairobi, koo linakauka kwa vumbi na baridi, nikawa nabeba ile sirapu ya kikohozi ya mitishamba nakunywa kwa chupa bila kijiko, na peremende nyeusi juu yake. Moyo ukaanza kuruka, unapiga, unanyamaza kidogo, halafu unapiga kwa nguvu. Kliniki ya kwanza wakaniambia ni mawazo na kahawa. Ya pili wakapima damu wakakuta potasiamu 2.9 na presha 158/100 na mimi sijawahi kuwa na presha. Nesi mmoja mzee ndiye aliniuliza, "unakunywa nini ukiwa barabarani?" Nikamwonyesha chupa, akasoma nyuma, mulethi ilikuwa imeandikwa ya pili. Nimekaa bila hiyo kitu na presha ilirudi, lakini haikurudi kesho yake, ilichukua wiki kadhaa.

KemistiKondele
DerevaMolo asante, hiyo ni picha kamili. Lakini peremende nyeusi nyingi hazina mulethi, zinatiwa mafuta ya anisi kupata ile ladha. Zingine ndizo zenyewe. Lebo ndiyo inasema. Huko Massachusetts kuna mwanaume wa miaka 54 aliyekuwa anakula pakiti moja na nusu kwa siku wiki chache, moyo ukasimama akafa, kesi yake iliandikwa na madaktari 2020. Wewe nesi wako alikuokoa.
Na hiyo ya wiki kadhaa ndo kawaida. Kinachofunga kimeng'enya kinatoka mwilini polepole, presha na potasiamu vinaweza kuchukua wiki mbili au zaidi kurudi, na homoni zenyewe kujipanga inaweza kufika miezi. Kwa hivyo mtu akiacha chai Jumatatu na apime Alhamisi akute bado juu, asiseme mulethi haikuwa na makosa.

BintiNjoro
Asanteni. Nimepekua faili, potasiamu haijawahi kupimwa, wamepima sukari na figo tu. Kesho tunaenda. Kuhusu kiasi, nimechukua mizani ya keki nikapima anachoweka kwa sufuria, ni gramu 15 hivi, lita moja na nusu ya maji, anachemsha mpaka rangi inakuwa kama ya asali, na jioni anaongeza maji kwa mizizi ile ile anachemsha tena. Hiyo ni nyingi ama kidogo?

KemistiKondele
Tupige hesabu pamoja. Mzizi uliokauka wa kiwango cha dawa unatakiwa uwe na glaisirizini asilimia 4 hivi au zaidi. Gramu 15 mara asilimia 4 ni miligramu 600. Yote haitoki kwa maji, lakini hata ikitoka nusu tu ni miligramu 300 kwa siku, na yeye anachemsha mara mbili. Kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani na wataalamu wa Ulaya wametumia kama mpaka kwa mtu mzima ni miligramu 100 kwa siku. Mama yuko mara tatu ya hapo kwa hesabu ya upole.
Na hiyo 100 yenyewe isichukuliwe kama kibali. Waswidi walitoa utafiti 2024, watu vijana wazima wakala glaisirizini miligramu 100 tu kila siku kwa wiki mbili, na presha ya juu ikapanda pointi 3 hivi kwa wastani, wengine ikapanda zaidi. Mama ni wa miaka 61, ana presha tayari, na anameza tembe ya kukojoza ambayo pia inatoa potasiamu. Yaani potasiamu inavutwa na watu wawili.

OmoshNyalenda
Mimi nauliza tu, dada, mama haumwi magoti? Kwa sababu hapa kwetu ile poda ya miti shamba ya viungo wanachanganya na steroidi, mtu anasikia amepona siku mbili, uso unafura, presha inapanda. Shangazi yangu ilikuwa hivyo, tukalaumu nyama choma kumbe ni poda. Usikimbilie mulethi kabla hujauliza.

BintiNjoro
@OmoshNyalenda magoti yanamuuma ndio. Nimemuuliza jioni hii akasema anameza diklofenaki akizidiwa, hununua kwa kemisti bila karatasi. Poda hana. Sasa nimechanganyikiwa zaidi.

KemistiKondele
Omosh ameuliza swali zuri. Diklofenaki na jamaa zake nazo zinashikilia chumvi na kupandisha presha, na kwa mtu wa alsa ni adui wa tumbo lenyewe, huenda ndiyo ilileta hiyo alsa mwanzo. Tofauti ni kwamba dawa hizo haziteremshi potasiamu, zikigusa huipandisha. Zile za steroidi zinaweza kuishusha. Kwa hivyo majibu ya potasiamu yatatusaidia kujua tunaongea na nani.

AkinyiKibuye
Na miguu kufura? Mbona daktari aliongeza amlodipini ndo miguu ikafura? Mamangu mdogo alifura miguu na amlodipini tu, hakuna chai hakuna nini.

KemistiKondele
Akinyi hapo uko sawa kabisa, amlodipini hufurisha vifundo hasa dozi ikiongezwa. Inawezekana mguu ni wa amlodipini na presha ni ya mulethi, ama vyote viwili. Kwa kuangalia tu huwezi kutenganisha.
Kuna historia hapa. Miaka ya 1940 daktari Mholanzi, Revers, alikuwa anawatibu watu wa vidonda vya tumbo kwa rojo ya mzizi huu, tumbo likatulia kweli, lakini baadhi ya wagonjwa wakaanza kufura uso na miguu. Ndiyo maana mama anasema tumbo limepona. Hadanganyi. Dawa ya tumbo na kisa cha presha viko kwa mzizi mmoja.

MamaMapacha_Bungoma
Hamjambo. Mimi presha yangu iko chini, 90/60, kizunguzungu nikisimama. Kwa hivyo mulethi inaweza kunisaidia? Duka la viungo liko hapa karibu.

KemistiKondele
Hapana mama, usianze. Presha ya chini ina sababu zake, damu kupungua, maji kidogo, dawa, na wakati mwingine tezi ya juu ya figo kuchoka. Ukiijaza chumvi na mzizi unaficha sababu, na potasiamu inashuka hivyo hivyo. Na kama kuna uwezekano wa mimba, mulethi nyingi inaepukwa kabisa.

NaliakaTea
Basi ni mulethi peke yake ama chai zote? Nina chai ya supamaketi ya tangawizi na tulsi, nyingine ya kupunguza mwili, nyingine ya choya ile nyekundu. Presha yangu iko 140.

MwalimuVihiga
Choya iache pembeni, ile utafiti kadhaa umeonyesha inashusha presha kidogo. Ya tangawizi geuza pakiti usome nyuma. Mulethi inatiwa kwa chai nyingi za mchanganyiko kwa sababu ni tamu bila sukari, mbele wameandika tangawizi na tulsi kwa herufi kubwa, nyuma chini liquorice root. Majina ya kutafuta ni hilo, licorice, mulethi, jethimadh, Glycyrrhiza, yashtimadhu.

KemistiKondele
Mwalimu amemaliza. Naongeza ile ya kupunguza mwili, nyingi zina sanamaki inayoharisha. Haishiki chumvi, lakini kuharisha kila siku kunatoa potasiamu. Mtu akiweka sanamaki na mulethi kwa kikombe kimoja ndo tunakuta potasiamu 2.5. Kikombe kimoja cha mchanganyiko mara moja moja sio shida kwa mtu mzima wa afya. Shida ni cha kila siku, vingi, kwa mtu wa presha, moyo, figo au tembe ya kukojoza.

NaliakaTea
Nimegeuza. Ya tangawizi, mulethi ni ya kwanza kwa orodha 😳 asubuhi na jioni nakunywa hiyo. Asante sana.

BintiNjoro
Majibu yametoka. Potasiamu 2.8, na ya kawaida wameandika kuanzia 3.5. Presha 170/96. Wamempima moyo kwa mashini wakasema kuna alama ya potasiamu chini lakini mapigo yako sawa. Wamemlaza siku hii wamrekebishe. Nilibeba mfuko wa mizizi, daktari kijana alishtuka, akasema bila kuuona angeanza kushuku tezi ya juu ya figo.

MzeeMagadi
Mungu amsaidie. Mpe ndizi nyingi na parachichi, potasiamu itapanda.

KemistiKondele
Pole mama, lakini umewahi vizuri, Binti. Mzee ndizi ni nzuri ila 2.8 na figo inayotupa haiwezi kujazwa na ndizi, hospitali itatumia dawa kwa kipimo na kurudia kupima. Na tafadhali mtu asinunue vidonge vya potasiamu mwenyewe, ikipita juu nayo inasimamisha moyo, hasa kwa mwenye figo dhaifu au anayemeza dawa ya presha kama losatani.
Waulize kuhusu tembe ya kukojoza kama wataisimamisha kwa sasa, hiyo ni yao kuamua, usitoe mwenyewe. Na alsa isiachwe hivi hivi, aulize dawa ya tumbo na kipimo cha bakteria wa tumboni, pamoja na kitu kingine cha magoti badala ya diklofenaki.

MwalimuVihiga
Kuna mzizi unaotolewa glaisirizini, unauzwa kama vidonge, wanaandika DGL. Huo haupandishi presha kama wa kawaida. Mama asije akaambiwa na rafiki wa kanisa kwamba vyote ni sawa.

AkinyiKibuye
Mwalimu hiyo ya DGL hapa Kisumu sijaiona, na hata ukiipata utajuaje wametoa kweli?

MwalimuVihiga
Hapo ndo shida, kwa lebo unaamini tu.

BintiNjoro
Nawapa maendeleo. Mama yuko nyumbani, mulethi tumeitoa, tembe ya kukojoza imesimamishwa, amlodipini wamerudisha ile ndogo. Wiki ya pili sasa, presha asubuhi 148/90, jana 142/88, potasiamu ya juzi 3.6. Vigimbi havimkazi tena usiku. Miguu imepungua. Daktari anasema tungoje halafu apimwe homoni za aldosteroni na renini, kwa sababu anataka kuhakikisha sio tezi.

OmoshNyalenda
Miguu imepungua kwa sababu ya mulethi ama amlodipini kupunguzwa?

BintiNjoro
Ndo hiyo sijui. Vyote vilifanywa siku moja.

AkinyiKibuye
Mimi nasema amlodipini.

MzeeMagadi
Na magadi mmetoa?

BintiNjoro
Nimetoa mzee 🙏 na diklofenaki pia.

MzeeMagadi
Sasa mnaona, nani atajua ni gani ilisaidia.

KemistiKondele
Potasiamu ndo inasema mzee. Kutoka 2.8 hadi 3.6 si rahisi iwe magadi. Ila kwamba tembe ya kukojoza nayo imeondolewa ni kweli, na sitasema ni asilimia ngapi ya nani. Hicho kipimo cha aldosteroni kisikimbiliwe, kikifanywa mapema bado mulethi inaweza kuichanganya. Tungeacha mwezi au miwili.

DerevaMolo
Kwangu mimi ilichukua muda kweli. Binti rafiki wa kanisa ameambiwa? Maana yeye bado anawapa wengine.

BintiNjoro
Nimemwambia Jumapili. Anasema yeye anakunywa miaka na presha yake ni 120. Amekataa kuacha.

KemistiKondele
Anaweza kuwa hivyo, miili inatofautiana sana kwa hii kitu, kuna anayepanda na kikombe na kuna asiyeguswa na thamosi. Mwombe tu apime potasiamu mara moja, sio presha peke yake.

NaliakaTea
Na mimi nipime lini nikiacha hii ya tangawizi? Leo ama baada ya wiki mbili?